Duka la watu watatu: linahitaji VPN, au Google Drive inatosha?

Mwenye duka anataka kuona hesabu ya stoo akiwa safarini. Fundi mmoja amemwambia "weka VPN", mwingine kamwambia "weka Google Drive", naye akabaki akidhani ni dawa moja yenye majina mawili. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwa duka dogo kimoja hutumika kila siku, cha pili hutumika kwa sababu maalumu au hakitumiki kabisa.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake. Keshia yuko kaunta na kompyuta ya mezani. Mtunza stoo yuko kwenye ghala, mwendo wa dakika chache kutoka dukani, ana simu na laptopu ya zamani. Mwenye duka nusu ya mwezi hayupo Pemba: yuko Darajani au Kariakoo anatafuta mzigo. Intaneti ni ruta ya laini ya simu, inayotumia bando. Maswali yafuatayo ni yale anayouliza mwenye duka kama huyo.

VPN si ile programu ya simu ya kufungulia mitandao iliyofungwa?

Jina ni hilo hilo, kazi ni nyingine. Ile ya simu huyapitisha mawasiliano yako kwenye seva ya kampuni fulani, mara nyingi nje ya nchi, ili unapoingia mtandaoni uonekane unatokea huko. Ukiiwasha ukiwa Darajani, kompyuta yako ya Chake Chake itakuwa mbali nawe vile vile kama kabla hujaiwasha.

VPN anayoizungumza fundi ni njia ya faragha kutoka kwenye laptopu yako hadi kwenye mtandao wa duka lako mwenyewe. Mawasiliano yanayopita humo yamefungwa kwa msimbo, na ukishaingia, kompyuta ya kaunta huiona laptopu yako kama imo mle mle dukani. Inachofanya ni hicho tu: inakufikisha kwenye mashine. Haihifadhi kitu, haitoi nakala, wala haipatanishi watu wawili wanaoandika faili moja.

Na kabla ya kufunga VPN yoyote kati ya hizo mbili, kuna jambo la sheria. Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN zitoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, ile namba inayowatambulisha mtandaoni, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar imo. Duka linalotaka VPN lipite kwanza ofisi ya TCRA, liulize utaratibu wa sasa.

Nikiwa na hiyo njia, si nitafungua faili la stoo kama niko dukani?

Utalifungua. Lakini hapo kwenye "kama niko dukani" ndipo watu wanapoumia.

Kwanza, programu kama Excel inapofungua faili lililoko kwenye kompyuta nyingine hailichukui kwa mkupuo mmoja. Inauliza, inajibiwa, inauliza tena, mara mamia. Ndani ya duka kila swali na jibu lake ni chini ya milisekunde moja, kwa hiyo huhisi kitu. Sasa tuseme kutoka Dar es Salaam hadi ruta ya Chake Chake kila safari ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 100, na faili linahitaji safari 300. Hizo ni sekunde 30 kabla hujaona safu ya kwanza. Kununua bando kubwa zaidi hakupunguzi kitu hapo, maana tatizo ni muda wa safari wala si wingi wa mzigo. Mstari ukikatika wakati wa kuhifadhi, faili linaweza kubaki nusu, na siku ya pili halifunguki.

Pili, kompyuta ya dukani lazima iwe inawaka. Jumapili duka limefungwa, uniti za Tukuza zimekwisha, au ZECO wamekata kwa matengenezo: VPN yako inaishia kwenye mlango wa chumba chenye giza. Faili lililoko Google halijui kama umeme wa Chake Chake umekatika.

Tatu, na hili ndilo linalowashangaza hata mafundi: kwenye ruta ya laini ya simu, mara nyingi VPN ya aina ya zamani haiwezi kupokea mgeni kabisa. Kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ni kama jengo la ghorofa lenye mlango mmoja barabarani na vyumba visivyo na namba. Wa ndani anatoka na kurudi, ila mgeni wa nje hajui agonge wapi. Kujua kama nawe umo humo ni kazi ya dakika mbili. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta palipoandikwa `WAN IP`, iandike pembeni. Kisha kwenye kompyuta hiyo hiyo tafuta `what is my ip` kwenye Google. Namba mbili zikitofautiana, umo. Ukiona ile ya ruta inaanza na `10.` au iko kati ya `100.64` na `100.127`, huna haja hata ya kulinganisha. Fundi anayekuuzia ruta ya VPN bila kuangalia namba hiyo kwanza, mwambie aangalie mbele yako.

Basi nikiweka faili kwenye wingu, kama hiyo Google Drive, mambo yameisha?

Hayajaisha, ila yaliyobaki yanatatulika kwa mpangilio, bila kununua mashine.

Huduma kama Google Drive, OneDrive na Dropbox huweka nakala ya faili kwenye kompyuta ya kila mtu, kisha huzilinganisha na ile iliyoko kwao. Unafanya kazi na nakala iliyo mkononi mwako, kwa hiyo zile safari 300 hazipo. Kinachosafiri ni mabadiliko, na yanaweza kungoja. Faili la megabaiti 2 kwenye laini inayopandisha megabiti 1 kwa sekunde huchukua kama sekunde 16, nawe huku unaendelea na kazi.

Kwa ukubwa, Google hutoa gigabaiti 15 bure, OneDrive 5, Dropbox 2. Duka la aina hii lenye hesabu za stoo, ankara na bei za mabati halijazi hata gigabaiti moja kwa mwaka. Kinachojaza ni picha. Mtunza stoo akipiga picha kila mzigo unaoshushwa kutoka bandari ya Mkoani na simu yake ikawa inazipandisha zote, bando la mwezi litaondoka kwa wiki. Zima upandishaji wa picha wa moja kwa moja kwenye simu yake, na picha ya hati ya mzigo aiweke mwenyewe kwenye folda yake.

Hatari yenyewe iko kwingine. Tuiangalie kwa mifuko ya saruji.

Asubuhi faili la `Stoo.xlsx` linasema mifuko 40. Intaneti imekatika tangu alfajiri. Keshia anauza mifuko 12, anafuta 40, anaandika 28, anahifadhi. Kule ghalani mtunza stoo anapokea mifuko 30 kutoka kwenye gari, naye anafuta 40, anaandika 70, anahifadhi. Saa sita intaneti inarudi. Sasa kuna mafaili mawili, kila moja linadai ndilo la sasa. Dropbox italiongezea moja maneno `conflicted copy`, OneDrive italiongezea jina la kompyuta. Mwenye duka akiwa Kariakoo anafungua mojawapo, anaona 28, anaagiza saruji. Au anaona 70, haagizi. Ghalani imo mifuko 58, namba ambayo haipo kwenye faili lolote.

Hapo huwa inalaumiwa intaneti, na mtu anarudi kwenye wazo la VPN. Kosa ni la namna ya kuandika. Watu wawili wamefuta namba moja, kila mmoja akaweka yake. Hata kwa daftari la karatasi, wangekuwa na madaftari mawili yangetokea hayo hayo.

Sasa tuandikeje?

Usiandike baki. Andika kilichoingia na kilichotoka, baki ijihesabu yenyewe, na kila mtu awe na ukurasa wake ambao mwenzake hauandiki.

Tumia Google Sheets badala ya faili la Excel lililowekwa kwenye folda, kwa sababu Sheets hupeleka kila badiliko la kisanduku peke yake, haipeleki faili zima. Mwenye duka, kwa akaunti ya duka, afungue lahajedwali moja yenye kurasa tatu. Ukurasa wa `Kuingia` ni wa mtunza stoo: safu A tarehe, B bidhaa, C idadi. Ukurasa wa `Kutoka` ni wa keshia, kwa mpangilio huo huo. Ukurasa wa `Baki` hauandikwi na mtu: safu A ina orodha ya bidhaa kuanzia mstari wa pili, na kwenye B2 unaweka hii, kisha unaiburuta hadi chini:

```
=SUMIF(Kuingia!B:B,A2,Kuingia!C:C)-SUMIF(Kutoka!B:B,A2,Kutoka!C:C)
```

Siku ya kwanza hesabuni ghala, na kila kilichomo kiandikwe kwenye `Kuingia` kama mzigo wa kwanza. Rudi sasa kwenye ile asubuhi: `Kuingia` ina 40 na 30, `Kutoka` ina 12. Intaneti ikirudi, mistari inakutana bila kugongana, na `Baki` inasema 58.

Kasoro moja itajitokeza ndani ya wiki ya kwanza. Keshia ataandika "Saruji 42.5" na mtunza stoo "Saruji 42,5", au mmoja ataacha nafasi mwisho wa jina, na fomula itaona bidhaa mbili. Zuia kwa kuchagua safu B ya kurasa zote mbili, uingie `Data`, kisha `Data validation`, uchague `Dropdown (from a range)`, uelekeze kwenye orodha ya `Baki`. Tangu hapo jina linachaguliwa, haliandikwi. Na ili kujua kama kuna lililopenya kabla, weka hii kwenye kisanduku D1 cha `Baki`:

```
=SUM(Kuingia!C:C)-SUM(Kutoka!C:C)-SUM(B2:B500)
```

Ikionyesha sifuri, majina yamekaa sawa. Ikionyesha namba nyingine, kuna mstari wenye jina ambalo halimo kwenye orodha, na kwa kawaida namba yenyewe itakukumbusha ni mzigo gani.

Liko jambo ambalo wengi hulijua siku intaneti imeshakatika. Lahajedwali ya Sheets unayoiona kwenye folda ya kompyuta ni kiungo tu, hata kama Drive imewekwa kuhifadhi kila kitu kwenye diski. Ili ifunguke bila intaneti, ingia Drive kwa Chrome au Edge, nenda `Settings`, weka alama kwenye `Offline`, na ufanye hivyo kwenye kila kompyuta. Kwenye simu, gusa vitone vitatu pembeni ya faili, uchague kulifanya lipatikane bila mtandao. Kisha jaribu: zima ruta, fungua faili, andika mstari, washa ruta, angalia kama umefika upande wa pili. Jaribio hilo lifanyike siku ya kufunga, mchana, fundi akiwepo.

Tuna programu ya hesabu iliyofungwa kwenye kompyuta ya kaunta. Nayo niiweke kwenye folda ya wingu?

Hapana. Hapa jibu linageuka.

Programu ya hesabu huwa na hifadhidata, faili linaloandikwa kidogo kidogo mfululizo wakati programu iko wazi. QuickBooks ya kompyuta hutumia faili la `.qbw`, Access hutumia `.accdb`. Folda ya wingu ikijaribu kulinakili faili hilo katikati ya maandishi, inachukua nusu ya jana na nusu ya leo. Faili linaonekana zima, ukubwa wake uko sawa, siku moja linagoma. Na kulifungua faili hilo kwa kupitia VPN kuna hatari ile ile ya mstari kukatika, mara hii kwa hesabu za mwaka mzima.

Kwanza uliza kama unahitaji kweli kuingia ndani ya programu ukiwa safarini. Wenye maduka wengi wanataka kuona mauzo ya siku tu. Hayo keshia anaweza kuyatoa kama ripoti ya PDF jioni na kuiweka kwenye folda. Risiti za kodi za ZRA nazo zina mfumo wao, VFMS, unaotumika kwa intaneti. Hazihitaji njia ya faragha ya kwenda dukani.

Ikiwa unahitaji kweli, kwa mfano kuidhinisha bei au kusahihisha ankara, basi VPN ina kazi, lakini kwa namna hii: acha programu na faili lake palepale kwenye kompyuta ya kaunta, wewe uione skrini yake kutoka mbali. Kinachosafiri ni picha na vibonyezo. Mstari ukikatika, picha inapotea kwako, ila programu haijui kitu.

Kwa laini za simu, chagua VPN inayoanzisha mawasiliano kutoka pande zote mbili, ili lile tatizo la jengo lenye mlango mmoja lisikuzuie. Tailscale ni mojawapo. Iweke kwenye kompyuta ya kaunta na kwenye laptopu yako, uingie kwa akaunti moja yenye uthibitisho wa hatua mbili. Kwenye kompyuta ya kaunta andika:

```
tailscale ip -4
```

Utapata namba inayoanza na `100.`. Namba hiyo ndiyo utakayoiandika kwenye Remote Desktop ya laptopu yako, programu ya Windows ya kuonea skrini ya kompyuta iliyo mbali. Ukitaka kujua njia ikoje, `tailscale status` itaonyesha `direct` kama mashine zinaongea moja kwa moja, au `relay` kama zinapitia seva ya katikati, na hapo tarajia uzito kidogo.

Mambo manne huivunja, na yote hutokea ukiwa mbali. Windows ya toleo la `Home` haipokei Remote Desktop, lazima kompyuta ya kaunta iwe na `Pro`, na Remote Desktop iwe imewashwa kwenye mipangilio yake. Kompyuta inalala, kwa hiyo kwenye mipangilio ya umeme weka `Never` kwenye `Sleep`, na ndani ya BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, weka iwake yenyewe umeme ukirudi. Ikishawaka bila mtu kuingia, Tailscale ya Windows husubiri, mpaka uwe umechagua `Run unattended`. Na ufunguo wa kila mashine huisha baada ya siku 180, hivyo kwenye ukurasa wa usimamizi zima muda wa kuisha kwa kompyuta ya kaunta pekee. Ya kwako ya safarini iache.

Kisha kuna la tano, ambalo si hitilafu. Windows ya kawaida inaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiingia saa nne asubuhi na mteja yuko kaunta anasubiri risiti ya mabati, skrini ya keshia inafungwa mbele yake. Ingia baada ya duka kufungwa, au mpigie simu kwanza.

Asitokee mtu wa kukuambia kwamba hayo yote ni marefu, afungue tu mlango wa `3389`, ule wa Remote Desktop, kwenye ruta uingie moja kwa moja. Mlango huo ukiwa wazi kwa dunia nzima hujaribiwa nywila usiku na mchana na programu zinazozunguka zikitafuta milango ya namna hiyo, na wanaoingia humo huyafunga mafaili yako kisha wakadai pesa.

Vikiwa kwenye wingu, bado nahitaji nakala nyingine?

Ndiyo. Folda ya wingu inalinganisha, na inalinganisha hata makosa. Ukiifuta folda ya ankara kwa bahati mbaya, inafutika kwenye kompyuta zote tatu. Google Drive huiweka kwenye pipa kwa siku 30, na baada ya hapo haipo. Ukiligundua kosa la mwezi wa Rajabu ukiwa umeshaingia Ramadhani, umeshachelewa.

Kila Alhamisi jioni nakili folda ya duka kwenye diski ya nje, pamoja na lahajedwali ya stoo uliyoipakua kama faili la Excel kwa `File`, kisha `Download`, maana iliyo kwenye folda ni kiungo tu. Kisha uchomoe diski, uiweke nyumbani. Diski iliyoachwa imechomekwa itafungwa pamoja na kompyuta siku virusi vikiingia. Kwa programu ya hesabu, tumia amri yake yenyewe ya kutoa nakala, na faili hilo la nakala ndilo uliweke kwenye wingu. Hilo halina hatari, kwa sababu hakuna anayeliandika tena.

Na keshia akiacha kazi?

Inategemea nani aliyefungua faili siku ya kwanza. Kwenye akaunti za bure za Google, faili ni mali ya aliyelifungua, hata kama duka zima linalitumia. Keshia akilifungua kwa akaunti yake binafsi kisha akaondoka kwa hasira, anaweza kulifuta, na huna pa kwenda kushitaki ndani ya Google. Ndiyo maana tulisema akaunti ya duka: anwani yake mwenyewe, namba ya simu ya mwenye duka kwa uthibitisho, na nywila isiyo kwenye karatasi chini ya kibodi.

Keshia na mtunza stoo wapewe ruhusa ya `Editor` kwenye lahajedwali ya stoo, na `Viewer` kwenye folda ya ankara na bei za kununulia, kama wanahitaji kuiona hata kidogo. Kwenye dirisha la `Share`, bonyeza alama ya gurudumu la meno na uondoe tiki inayowaruhusu wahariri kubadilisha ruhusa na kugawa zaidi. Ikiachwa, keshia anaweza kumgawia ndugu yake wa duka la jirani hesabu yako yote ya stoo bila wewe kuulizwa. Siku ya kuondoka kwake fungua dirisha hilo hilo, pembeni ya jina lake chagua `Remove access`, kisha kaa kwenye kompyuta ya kaunta na umtoe kwenye Chrome, maana nakala za bila mtandao zilizobaki pale zingali zinafunguka.